Leonardo Anamficha Yuda, Tintoretto Anamficha Yesu

Sebuleni kwa bibi yangu, Moshi, juu ya kabati la vyombo, ilitundikwa picha ya Karamu ya Mwisho kwenye fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu. Bila shaka umeiona mahali: Yesu katikati ya meza ndefu, mitume sita huku na sita kule, madirisha matatu nyuma. Nimekula chakula cha jioni chini ya picha ile kwa miaka mingi, na nikiwa chuoni, mwaka wa pili, tulipotakiwa kuandika insha ya kulinganisha michoro miwili ya mada moja kutoka vipindi tofauti, sikujiuliza mara mbili. Mmoja ungekuwa ule wa bibi, yaani wa Leonardo da Vinci. Wa pili nikauchagua wa Tintoretto, kwa sababu ulikuwa unafuata kitabuni.

Insha ilirudi na neno moja pembezoni, limeandikwa kwa wino mwekundu mara nne, kila ukurasa mara moja: "Kwa hiyo?"

Nilikasirika. Kila nilichoandika kilikuwa kweli. Leonardo alichora mwishoni mwa karne ya 15, Tintoretto mwishoni mwa karne ya 16. Meza ya Leonardo imenyooka, ya Tintoretto imelala mshazari. Leonardo ana mwanga wa mchana, Tintoretto ana giza na taa. Sasa kosa liko wapi? Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwalimu hakuwa anapinga ukweli wa maneno yangu. Alikuwa anauliza maneno hayo yanakwenda wapi. Nilikuwa nimeandika orodha, nikaiita insha.

Tangu hapo nimesoma insha nyingi za aina hii, za wanafunzi na za sisi tunaojiita wahakiki, na nyingi zinakufa palepale yangu ilipofia. Kwa hiyo nataka kuirudia kazi ile hapa, kwa michoro ileile miwili, safari hii nikionyesha mpangilio unatoka wapi. Nadhani tunakosea tunapofikiri mpangilio ni sanduku ambalo tunalichagua kwanza, kisha tunatumbukiza hoja ndani.

Tuanze na michoro yenyewe. Wa Leonardo uko Milano, kwenye ukuta wa bwalo la watawa wa Santa Maria delle Grazie. Aliuchora kati ya 1495 na 1498 hivi, kwa agizo la mtawala Ludovico Sforza. Una upana wa karibu mita 8.8 na kimo cha mita 4.6. Wa Tintoretto uko Venisi, katika kanisa la San Giorgio Maggiore, kwenye ukuta wa pembeni karibu na altare. Ni rangi za mafuta juu ya turubai, upana zaidi ya mita tano na nusu. Aliufanya kati ya 1592 na 1594, mwaka aliofariki. Kati ya michoro hii miwili kuna miaka mia moja, kasoro kidogo.

Hatua ya kwanza ni kuangalia bila kuandika sentensi yoyote. Chora mistari kwenye daftari upate safu tatu: vilivyomo kwa Leonardo tu, vilivyomo kwa Tintoretto tu, na vilivyomo kwa wote wawili. Watu wengi huzikimbilia safu mbili za kwanza kwa sababu zinajaa haraka. Paka anayechungulia kapuni: Tintoretto. Madirisha matatu: Leonardo. Malaika wanaotokea kwenye moshi wa taa: Tintoretto. Petro na kisu mkononi: Leonardo. Kwa dakika kumi una ukurasa mzima, unajisikia umefanya kazi.

Lakini safu inayozaa insha ni ile ya tatu, ya vilivyomo kwa wote. Tofauti haina maana mpaka iwe tofauti ya kitu kimoja. Ukisema Leonardo ana madirisha na Tintoretto ana paka, hujalinganisha chochote, umetaja vitu viwili tu. Ukisema wote wawili wana Yuda, kisha ukauliza kila mmoja amemweka wapi, hapo mazungumzo yameanza. Safu yangu ya tatu, nilipoirudia kwa utulivu, ilikuwa fupi: Yesu, Yuda, meza, mwanga, mkate. Mambo matano, na yanatosha kabisa.

Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mwaka wa pili lilinipita. Mada inaitwa moja, lakini wachoraji hawa hawachori dakika moja. Ifungue Injili ya Mathayo, sura ya 26. Kwenye mstari wa 21 Yesu anawaambia wanafunzi kwamba mmoja wao atamsaliti. Kwenye mstari wa 26 anatwaa mkate, anaubariki, anawapa. Leonardo kasimama zaidi kwenye mstari wa 21: neno limeshatoka, na mitume wamerushwa huku na huku kama vyombo vilivyogongwa na meza. Tintoretto kasimama kwenye mstari wa 26: Yesu ameinuka, anamlisha mtume mkate. Kati yao kuna mistari mitano tu, lakini karibu kila kitu kinachotofautisha michoro hii kinapitia humo.

Sasa turudi kwenye safu ya tatu na swali jipya: ukiwa mtazamaji, unampata nani kwanza?

Kwa Leonardo unampata Yesu. Huna njia nyingine. Mistari yote ya dari na ya kuta inakimbilia mahali pamoja, pembeni mwa uso wake, na dirisha la katikati linamwekea mwanga nyuma ya kichwa bila mchoraji kuhitaji kumchorea duara la nuru. Yuda ndiye unayemtafuta. Ameketi upande uleule wa meza na wenzake, kwenye kundi moja na Petro na Yohane, uso wake umeingia kivulini, mfuko ameukamata. Wachoraji wengi wa Italia waliomtangulia Leonardo walimtenga Yuda peke yake upande wa pili wa meza, ili mtu yeyote aingiaje amjue. Leonardo alimrudisha kundini.

Kwa Tintoretto mambo yamegeuka. Yuda ameketi peke yake upande wetu wa meza, kinyume na wenzake, bila nuru kichwani. Yesu ndiye yuko mbali, katikati ya watu, mdogo kuliko watumishi walio mbele. Mwanamke anayeinama kwenye kapu la vyakula amechukua nafasi kubwa kuliko Mwana wa Mungu. Jicho linapita kwa watumishi, kwa sahani, kwa paka, ndipo linamfikia.

Basi sentensi yangu ikajiandika: Leonardo anamficha Yuda, Tintoretto anamficha Yesu.

Hiyo ndiyo dai. Jinsi ya kujua kama una dai au una orodha ni rahisi: jiulize kama mtu mwenye akili timamu anaweza kukubishia. Hakuna atakayebisha kwamba meza moja imenyooka na nyingine imelala mshazari. Lakini kuna atakayesema, "Tintoretto hajamficha Yesu hata kidogo, mbona amemzungushia nuru inayowaka kuliko kitu chochote ukutani?" Pingamizi zuri, na nitalirudia. Insha ambayo haiwezi kupingwa haina cha kutetea, na insha isiyo na cha kutetea haina namna ya kujua aya ipi itangulie.

Ndiyo maana nasema mpangilio unatoka ndani ya dai. Shuleni tulifundishwa njia mbili. Ya kwanza ni ya vipande: unamaliza mchoro wote wa kwanza, kisha unaingia mchoro wote wa pili. Ya pili ni ya hoja kwa hoja: unachukua jambo moja, unaliangalia katika michoro yote miwili, unahamia jambo linalofuata. Walimu wengi husifu ya pili, na kwa sababu nzuri. Njia ya vipande huzaa insha mbili fupi zilizoshonwa katikati kwa neno "hata hivyo". Msomaji akifika kwa Tintoretto ameshasahau Yuda wa Leonardo alishika nini.

Lakini hoja kwa hoja nayo ina ugonjwa wake, na katika michoro ugonjwa huo ni mkali kuliko katika vitabu. Ukianza moja kwa moja na meza mbili, kisha mianga miwili, kisha Yuda wawili, msomaji anapata viungo vya mwili bila mwili. Anarushwa Milano, Venisi, Milano, Venisi, kama mtu anayetazama mpira wa tenisi, na hajawahi kuuona mchoro hata mmoja ukiwa mzima. Riwaya unaisoma sentensi kwa sentensi. Mchoro unakuja wote kwa pamoja, ndipo jicho linaanza kutembea. Insha ikiuvunja vipande kabla haijauonyesha, imeuharibu.

Kwa kazi hii ninachanganya, na vipimo vyake ni hivi. Chukulia insha ya maneno 1500. Utangulizi maneno 150, ukiisha na dai. Kisha picha mbili fupi za maneno, 150 kila moja, ambazo hazibishani na mtu. Kazi yake ni kumsimamisha msomaji mbele ya kila ukuta. Kisha hoja tatu zinazolinganisha, kila moja maneno 250. Kisha maneno 200 ya kulijaribu dai lako mwenyewe. Hitimisho maneno 100. Jumla inafika. Ukitaka hoja ya nne, ipokonye ile ya tatu nafasi yake, wala usiongeze kurasa.

Hoja tatu zinafuatana vipi? Si kwa ukubwa, wala si kwa urahisi. Zinafuatana kwa kuitana. Kila moja iache swali ambalo inayofuata italijibu. Ya kwanza kwangu ni dakika iliyochorwa, mstari wa 21 na mstari wa 26, kwa sababu bila hiyo zilizobaki hazina mguu. Inaacha swali: kama dakika ni tofauti, mtu anayehusika zaidi na dakika ya usaliti amewekwa wapi? Hapo inaingia ya pili, Yuda na meza. Nayo inaacha swali: kama Tintoretto amemwanika Yuda na kumsukuma Yesu nyuma, tunamjuaje Yesu? Hapo inaingia ya tatu, mwanga. Jaribu kuzibadilisha nafasi. Ukianza na mwanga, inakuwa sifa tu ya kupendeza isiyodaiwa na chochote. Aya ambazo unaweza kuzipanga upya bila insha kulalamika ni dalili kwamba umerudi kwenye orodha.

Niandike aya ya pili yote ili tuone inavyofanya kazi:

"Leonardo anamketisha Yuda upande mmoja na mitume wengine, na Petro, akiinama kumnong'oneza Yohane, anamsukumia mbele bila kukusudia. Mkono wake unaelekea sahani ileile ambayo mkono wa Yesu unaielekea. Hakuna alama nyingine ya wazi, na mtazamaji analazimika kufanya kile ambacho mitume wanakifanya dakika hiyohiyo: kuangalia uso baada ya uso akiuliza ni nani. Tintoretto hana haja na swali hilo. Yuda wake yuko upande wetu wa meza, peke yake, anatambulika mapema, na akishatambulika hatuna la kumuuliza. Meza ile ile inayomtenga inakimbia mshazari kuingia ndani ya chumba, na jicho linaifuata likimwacha Yuda nyuma, likimtafuta anayegawa mkate. Kwa Leonardo meza ni mahali pa kushuku. Kwa Tintoretto ni njia ya kupita."

Angalia mambo mawili. Kwanza, michoro yote miwili imo ndani ya aya moja, lakini haipokezani kila sentensi. Leonardo anapewa nafasi ya kumaliza, ndipo Tintoretto anaingia. Pili, sentensi ya mwisho inasema kitu ambacho hakuna mchoro hata mmoja ungeweza kukisema peke yake. Hiyo ndiyo sentensi inayomjibu mwalimu na wino wake mwekundu. Aya ya kulinganisha ambayo mwisho wake unamhusu mchoro mmoja tu haijaisha.

Hoja ya tatu, mwanga, ndiyo inayopambana na yule mbishi wetu. Kwa Leonardo mwanga unatoka kushoto, upande uleule ambao bwalo lenyewe lina madirisha ya kweli. Watawa waliokuwa wakila mle waliona chumba cha mchoro kikiendeleza chumba chao. Mwanga huo hauchagui mtakatifu na msaliti, na ndiyo maana Yuda anaweza kujificha ndani yake kwa kugeuza tu shingo. Kwa Tintoretto ni usiku. Kuna taa inayoning'inia, na kuna nuru nyingine inayotoka kwa Yesu mwenyewe. Mbishi ana haki: nuru ile inamtangaza. Lakini inamtangaza kwa sababu kila kitu kingine kimemzuia. Umbali, umati, watumishi walio na shughuli zao na hawajui kinachotendeka. Tintoretto alimficha kwanza, ndipo akawasha taa. Nuru isingekuwa na kazi kama angekaa mbele. Pingamizi likiingia hivi ndani ya hoja, dai linatoka limenyooka zaidi kuliko lilivyoingia.

Sasa tufike kwenye mtego mkubwa, ambao ni neno "vipindi" lenyewe. Swali linapotaja vipindi tofauti, mkono unataka kuandika: Leonardo ni wa Renesansi, na Renesansi ilipenda utulivu na hesabu, Tintoretto ni wa mwisho wa karne ya 16, na wakati huo watu walipenda mihemko. Niliandika hivyo, neno kwa neno karibu. Ubaya wake ni kwamba kipindi kinafanywa kuwa chanzo, kana kwamba karne ina mikono na inashika brashi.

Dawa yake ni mchoro wa tatu. Huuleti kuujadili kwa kirefu, unauleta kama shahidi, sentensi tatu au nne, ndani ya yale maneno 200 ya kujaribu dai. Chukua Domenico Ghirlandaio, Karamu ya Mwisho ya mwaka 1480 katika bwalo la Ognissanti, Florensi. Yuda kakaa peke yake upande wa pili wa meza, vilevile alivyo kwa Tintoretto miaka zaidi ya mia baadaye. Maana yake Tintoretto, mchoraji wa baadaye, ndiye aliyerudi kwenye desturi ya zamani, na Leonardo wa mapema ndiye aliyeivunja. Hadithi ya "zamani walikuwa hivi, baadaye wakawa vile" imeanguka.

Shahidi mwingine ni Tintoretto mwenyewe. Mwaka 1547, akiwa bado kijana, alichora Karamu ya Mwisho kwa ajili ya kanisa la San Marcuola, Venisi. Meza yake imenyooka, imetuelekea. Mji uleule, karne ileile, mkono uleule. Kama karne ya 16 ndiyo iliyoilaza meza mshazari, ilikuwa wapi mwaka 1547?

Hii haina maana kwamba historia haina kazi. Ina kazi, lakini itajwe kwa jina na tarehe, na iguse kitu kinachoonekana. Mtaguso wa Trento mwaka 1551 ulitamka upya, dhidi ya Waprotestanti, mafundisho ya Kanisa Katoliki kwamba Kristo yumo kweli ndani ya Ekaristi. Mchoro wa San Giorgio Maggiore unaning'inia karibu na altare, mahali ambapo mkate unagawiwa kila misa, na ukuta unaoutazama una mchoro mwingine wa Tintoretto wa Waisraeli na mana jangwani, mkate mwingine kutoka mbinguni. Hapo naweza kusema kwa ujasiri kwamba uchaguzi wa mstari wa 26 unaendana na mahali na wakati wake. Wa Leonardo ulikuwa ukutani mwa watu waliokula chini yake, kwa hiyo meza ilifaa kuwa meza kama zao. Huo ni ushahidi wenye anwani. "Moyo wa enzi" hauna anwani.

Na kuwa mwangalifu usilazimishe mpaka uwe ukuta. Tazama mikono ya Yesu wa Leonardo: mmoja unaelekea divai, mwingine umefunguka kuelekea mkate. Mstari wa 26 umeshaanza kunukia ndani ya mstari wa 21. Mwanafunzi akiona hivyo huogopa, anaificha taarifa ili dai lisivurugike. Iweke. Sema Leonardo anautanguliza mkate kimyakimya huku kelele zote zikihusu usaliti, na dai linabaki, sasa likiwa limekubali kipimo chake.

Kuna kosa langu moja la mwisho, na hili bado linanipa aibu. Niliandika kwamba Leonardo "alipendelea rangi hafifu, zilizofifia, tofauti na giza zito la Tintoretto". Leonardo hakupendelea chochote cha aina hiyo. Hakuchora kwa njia ya fresko, ambapo rangi hupakwa kwenye plasta mbichi ikashikana nayo. Alitaka kwenda polepole, kurudia na kusahihisha, akapaka juu ya ukuta mkavu, na rangi zikaanza kubanduka yeye mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1652 watawa wakatoboa mlango chini katikati, miguu ya Yesu ikaenda nao. Agosti 1943 bwalo likapigwa bomu. Usafishaji wa mwisho ulichukua zaidi ya miaka ishirini, kuanzia 1978 hadi 1999. Chumvi ambayo Yuda ameimwaga kwa kiwiko tunaisoma vizuri kwenye nakala za zamani kuliko kwenye ukuta wenyewe. Kile nilichokiita mtindo kilikuwa jeraha.

Kwa hiyo kabla hujaingiza rangi kwenye safu ya tatu, uliza mchoro umepitia nini. Uliza pia unautazama wapi. Kwenye simu michoro hii miwili ina upana uleule wa vidole vinne, imekaa sambamba, inatazamwa kutoka mbele. Ukweli ni kwamba mmoja ni mwisho wa chumba, umeinuliwa juu ya vichwa vya walaji, na mwingine uko kwenye ukuta wa pembeni, unaoujia kwa mshazari ukielekea altare. Meza iliyolala haionekani ajabu hata kidogo kwa mtu anayetembea kuipita.

Hitimisho la insha yangu, ningeliandika leo, lisingerudia hoja tatu. Msomaji ndiyo kwanza ametoka kuzisoma. Lingesema kile ambacho kulinganisha kumefanya kwa kila mchoro: bila Tintoretto nisingejua kwamba Yuda wa Leonardo amefichwa, ningedhani kakaa tu, na bila Leonardo nisingejua kwamba Yesu wa Tintoretto anatafutwa. Kama kila mchoro ungeweza kuelezwa vilevile bila mwenzake, insha haikuwa na sababu ya kuwa na michoro miwili.

Picha ya bibi sasa iko kwa shangazi. Mwezi uliopita nilipita kumsalimia, tukala, nikamuuliza Yuda ni yupi. Akaweka kijiko chini, akainuka, akasogea karibu na fremu. Akaonyesha mmoja, akasema hapana, akaonyesha mwingine. Alikaa pale muda mrefu, kidole kikienda na kurudi juu ya kioo, na chakula chake kikapoa.